Tangazo la kukatika kwa maji: andika saa za mfereji

*Salaam mzee. Mimi ni msichana wa ofisi ya mawasiliano katika kampuni ya maji ya mji mdogo hapa mashariki mwa Uganda. Kila tukitangaza kwamba maji yatakatika kwa ajili ya kazi, watu bado wanapiga simu siku hiyo hiyo kuuliza kwa nini mifereji imekauka na maji yatarudi lini. Nimekutumia tangazo letu la Jumanne tarehe 14 Oktoba, ambalo halijatoka bado. Nilirekebishe vipi ili watu wajue ni lini, kwa muda gani, na wafanye nini?*

Salaam mwanangu. Nimelisoma tangazo lako mara tatu, na pia nimeisoma ile karatasi ya fundi mkuu uliyoambatanisha. Hiyo karatasi ndiyo iliyonisaidia zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba ofisi yenu inayajua majibu yote, ila hayakuingia kwenye tangazo.

Nianze na mstari wa saa, maana huo pekee unatosha kuleta zile simu. Umeandika: "kuanzia saa 8:00 asubuhi hadi saa 6:00 jioni." Najua ulikotoka. Tangazo lilianza kwa Kiingereza, likasema nane ya asubuhi hadi sita ya jioni kwa saa za Kiingereza, nawe ukabadilisha maneno ukaziacha namba. Kwa Mswahili hakuna saa nane ya asubuhi. Kuna saa nane ya mchana na saa nane ya usiku. Wala hakuna saa sita ya jioni. Saa sita ni ya mchana au ya usiku. Sasa mweke mama anayepika chakula pale stendi mbele ya karatasi hiyo. Ataona "saa 8", atajiambia maji yatakatika mchana baada ya wateja wake kula, na asubuhi hatajaza kitu. Saa mbili mfereji unakauka akiwa na sufuria tupu na ndizi ambazo bado hajamenya. Hatakosea kukasirika.

Waganda wenzetu wanaosema Kiluganda nao huhesabu saa kama sisi, kuanzia kucha. Kwa hiyo toleo la Kiluganda likitafsiriwa kwa namna hiyo hiyo litakuwa na kosa hilo hilo. Tangu Kiswahili kiingizwe kwenye Katiba mwaka 2005 kama lugha rasmi ya pili, nimeona matangazo ya Kiswahili yakiongezeka, na nafurahi, lakini mengi yanavuka kutoka Kiingereza na saa zake. Andika saa ya Kiswahili, kisha weka pembeni namba ambayo mtu ataiona kwenye kioo cha simu yake: saa 2 asubuhi, simu ikionyesha 8:00. Hapo hata kijana aliyezoea saa za shuleni hapotei.

Kuna mtego mwingine wa wakati, nao ni usiku. Ukiandika "usiku wa Jumatano", Muislamu aliyelelewa kuhesabu siku kuanzia magharibi anaweza kuelewa usiku unaotangulia Jumatano, na jirani yake akaelewa usiku unaofuata. Lugha yetu ina dawa ya hilo: usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Ni maneno mengi kidogo, lakini hayana njia mbili.

Sasa twende kwenye jambo kubwa. Hata ukizisahihisha hizo saa, tangazo bado litadanganya, kwa sababu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ni saa za kazi ya mafundi. Ni saa ya kufunga vali na saa ya kuweka spana chini. Mkazi hana haja na spana. Anataka kujua mfereji wake utakauka saa ngapi na utatoa maji tena saa ngapi, na saa hizo mbili hazifanani na saa za kazi. Isitoshe, hazifanani kati ya mtaa na mtaa.

Tuichukue karatasi ya fundi mkuu tuifuate. Anabadilisha vali kwenye bomba kuu la milimita 300 linaloshuka kutoka kwenye tangi la kilimani. Kutoka hapo hadi mwisho wa mji ni kilomita 4. Mji wenu una sehemu mbili kwenye bomba hilo: Mlimani, juu ya barabara ya lami, na Sokoni, chini yake. Vali ya tangi itafungwa saa 2 asubuhi. Wakati huo bomba bado limejaa maji, lakini maji yanafuata mteremko. Watu wa Sokoni wakifungua mifereji, yale yaliyobaki yanawashukia wao, na hewa inaingia kwa kupitia mifereji ya juu. Ukiweka sikio kwenye mfereji wa Mlimani wakati huo utausikia ukivuta pumzi. Kwa hiyo Mlimani patakauka karibu mara moja, na Sokoni pataendelea kupata maji membamba hadi kama saa 4 asubuhi.

Kurudi kwake ni kinyume, na ndipo matangazo mengi yanapoharibika. Tuseme kazi imekwisha saa 12 jioni kama ilivyopangwa. Bomba ni tupu. Fundi anayejua kazi yake hafungui vali yote kwa mkupuo, maana maji yakiingia kwa nguvu yanaisukuma hewa na kuibana mbele, na mgandamizo huo unaweza kupasua bomba au kung'oa maungio yale yale aliyoyafunga mchana. Hulijaza polepole, kama sentimita 30 kwa sekunde. Piga hesabu: mita 4,000 ukigawa kwa 0.3 unapata sekunde 13,333, yaani saa 3 na dakika 42. Hapo tayari ni saa 3 na dakika 42 usiku, na bado hajamwaga yale maji ya kwanza yenye matope kupitia vali ya kusafishia. Kwa hiyo Sokoni wasihesabu maji kabla ya saa 5 usiku.

Na Mlimani? Saa 5 usiku Sokoni watafungua mifereji kwa pamoja na kujaza kila chombo, na presha itaanguka. Maji hayatapanda mpaka watu wa chini wamalize na kulala. Muda wa sehemu hii haupatikani kwa kugawanya namba. Kaulize. Mwenyekiti wa LC1 wa Mlimani anajua mara ya mwisho maji yalipokatika yalichukua muda gani kupanda, na wanaouza maji kwa baiskeli wanajua zaidi yake, kwa sababu ndiyo biashara yao. Fundi wenu ameandika kwa penseli pembeni ya karatasi, "juu: alfajiri". Nenda na hiyo. Jumatano saa 12 asubuhi.

Tazama sasa tofauti. Tangazo lako lilisema saa kumi za kukosa maji kwa kila mtu. Ukweli ni kwamba Sokoni watakosa kwa saa 13, kutoka saa 4 asubuhi hadi saa 5 usiku, na Mlimani kwa saa 22. Hawa si watu wa kupewa tangazo moja. Andika mawili, kila moja na jina la sehemu juu kabisa kwa herufi kubwa.

Jambo hili nalijua kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilifanya kazi katika ofisi moja ya maji, na tulitangaza kwamba kazi itakwisha saa 12 jioni. Ilikwisha saa 12 jioni kweli, na tulijisifu. Mkunga wa kituo kidogo cha afya kilichokuwa mwisho wa bomba, juu mlimani, alikuwa ameweka mapipa mawili akiyabania tangu asubuhi. Ilipofika saa 12 aliosha sakafu na vyombo vyote kwa maji yaliyobaki, kwa sababu karatasi yetu ilimwambia maji yamerudi. Usiku ule wanawake wawili walikuja kujifungua. Askari wa kituo ndiye aliyekuwa akishuka na baiskeli na tochi hadi kwenye chemchemi, akirudi na jerikani mbili mbili. Mifereji yake ilitoa maji karibu na alfajiri. Yule mkunga alinifuata ofisini akiwa na tangazo letu mkononi. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mstari huu uliandika wewe?" Tangu siku ile siandiki saa ya kumaliza kazi kwenye karatasi ya mkazi.

Kanuni ninayoitumia ni rahisi: kwa kukatika, andika saa ya mapema zaidi inayowezekana; kwa kurudi, andika saa ya kuchelewa zaidi unayoitegemea kweli. Maji yakirudi kabla, hakuna atakayelalamika. Lakini usizidishe. Ofisi inayosema siku mbili kila mara na kurudisha maji baada ya saa tano, watu huacha kuisikiliza, na siku ambayo ni siku mbili kweli hawatakuwa wamejaza kitu.

Sasa "wateja wanashauriwa kuhifadhi maji ya kutosha." Ya kutosha ni kiasi gani? Mtu hawezi kuhifadhi "ya kutosha". Anaweza kujaza jerikani. Kiasi cha lita 20 kwa mtu kwa siku kinatosha kunywa, kupika na usafi wa lazima, na kwa bahati nzuri lita 20 ndiyo jerikani yetu ya manjano. Kwa hiyo sema: jerikani 1 kwa kila mtu wa nyumbani. Nyumba ya watu sita, jerikani sita. Mwenye ng'ombe au mwenye hoteli ataongeza mwenyewe, anajua shughuli zake. Na useme ajaze lini. Ukimwachia, wote watajaza Jumanne kati ya kucha na saa mbili, presha itashuka, na Mlimani ndio watakaokosa tena. Sema Jumatatu.

Maagizo ya kufanya maji yakikatika na yakirudi huwa mengi kwenye vichwa vya mafundi, na kila mmoja ataomba la kwake liingie. Usikubali. Chagua yale ambayo mtu asipoyafanya ataumia. Mimi ningeweka manne. La kwanza, afunge mifereji yote. Aliyeuacha wazi akaenda sokoni au akalala, maji yatarudi na kumfurikia, au yatamiminika usiku kucha na yeye ndiye atakayeyalipia. La pili, atoe mpira wa maji ndani ya pipa au beseni, kwa sababu bomba tupu huvuta, na maji machafu ya pipa yanaweza kuingia kwenye bomba la mtaa mzima. La tatu, maji yakirudi afungue mfereji wa nje kwanza mpaka yawe safi, na mwenye tangi la juu ya nyumba asilifungulie mpaka hapo. Maji ya kahawia yakishaingia kwenye tangi, matope yanakaa chini na kutoka kidogo kidogo kwa wiki nzima. La nne, achemshe maji ya kunywa mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, kwa sababu bomba lililokosa presha linaweza kunyonya uchafu wa ardhini kupitia nyufa zake. Muda wa kuchemsha uwe mpaka mtakapowaambia kwamba sampuli za maji ni nzuri, na hilo lazima mliseme kweli, msilisahau.

Maneno "usumbufu wowote unajutiwa" yafute. Hayana mtu ndani yake. "Kazi za uboreshaji wa miundombinu ya usambazaji" nayo yafute. Andika: tunabadilisha vali iliyoharibika kwenye bomba kuu. Mtu akijua sababu ndogo na ya kweli huvumilia zaidi kuliko akipewa maneno makubwa. "Eneo la usambazaji la Tangi la Juu" ni jina la ramani yenu. Hakuna mkazi anayejua anaishi kwenye tangi gani. Taja shule, msikiti, kanisa, barabara.

Hili hapa la Mlimani, jinsi ningelitoa:

> MLIMANI: MAJI YATAKATIKA JUMANNE TAREHE 14 OKTOBA
>
> Ni nyumba zote zilizo juu ya barabara ya lami, kuanzia shule ya msingi hadi msikiti.
>
> Yatakatika: Jumanne saa 2 asubuhi (simu 8:00).
> Yatarudi: Jumatano saa 12 asubuhi (simu 6:00). Yanaweza kurudi mapema, lakini usiyategemee kabla ya hapo.
>
> Jumatatu: jaza jerikani 1 ya lita 20 kwa kila mtu wa nyumbani. Maji ya kunywa yaweke peke yake, yafunike.
> Yakikatika: funga mifereji yote. Toa mpira wa maji ndani ya pipa.
> Yakirudi: fungua mfereji wa nje kwanza mpaka maji yawe safi, ndipo ufungulie tangi. Chemsha maji ya kunywa mpaka tutakapokuambia uache.
>
> Tunabadilisha vali iliyoharibika kwenye bomba kuu. Kazi ikichelewa, tutakutumia ujumbe Jumanne kabla ya saa 11 jioni. Ukiwa na mgonjwa au kituo cha afya, tupigie leo: (namba ya simu).

La Sokoni ni hili hili, ukibadilisha sehemu na saa: yatakatika Jumanne saa 4 asubuhi, yatarudi usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, saa 5 usiku.

Kwa ujumbe wa simu una herufi 160 pamoja na nafasi. Ukizidi, ujumbe unakatwa vipande, nanyi mnalipia kila kipande. Huu unaingia, ukiongeza namba ya simu ya tarakimu 10 mwishoni:

```
MAJI MLIMANI: Yatakatika Jumanne 14/10 saa 2 asubuhi. Yatarudi Jumatano saa 12 asubuhi. Jaza Jumatatu jerikani 1 kila mtu. Funga mifereji. Swali: 
```

Angalia usiweke neno lenye ile alama ya juu, kama kwenye "ng'ombe", ukiwa umelinakili kutoka kwenye kompyuta. Kompyuta huipinda alama hiyo, na simu ikiiona iliyopinda hubadilisha mfumo wa herufi. Nafasi yako inashuka kutoka 160 hadi 70. Niliwahi kuona ujumbe mmoja ukilipiwa mara tatu kwa sababu ya alama moja.

Usitegemee simu peke yake. Toa tangazo Ijumaa, ili lisomwe msikitini baada ya sala na kanisani Jumapili, na mwenyekiti wa LC1 apate nakala ya kubandika kwenye bomba la umma na stendi ya bodaboda. Ujumbe wa simu utume mara mbili: Jumamosi, na tena Jumatatu mchana watu wakiwa na muda wa kujaza.

Ile ahadi ya "kabla ya saa 11 jioni" inakutaka wewe upange na fundi mkuu mapema. Mkubaliane kwamba saa 10 jioni, simu ikionyesha 16:00, atakuambia jambo moja: vali mpya imekaa mahali pake au bado. Kama bado, mpigie hesabu upya pale pale, kwa njia ile ile ya kujaza bomba, na utume saa mpya. Kamwe usitume "maji yatarudi hivi karibuni". Mtu mwenye jerikani moja iliyobaki hawezi kufanya lolote na "hivi karibuni". Akiambiwa Jumatano saa 6 mchana, ataamua kuoga au kutooga.

Kabla ya kuchapisha, chukua nakala moja utoke nayo. Mpe kijana wa bodaboda, mama muuza maji pale kwenye kioski, mwalimu, mtu mzima asiyesoma vizuri akisomewa na mjukuu wake. Watano wanatosha. Usiwaulize kama wameelewa, kwa sababu wote watasema ndiyo kwa adabu. Waulize: Maji yako yatakatika siku gani, saa ngapi? Utajaza jerikani ngapi, lini? Yakirudi yakiwa ya kahawia utafanya nini? Wawili wakijibu tofauti na ulivyokusudia, kosa liko kwenye mstari ule, na utaujua ni upi.

Jumatano saa 12 asubuhi, piga simu kwa nyumba tatu za mwisho kabisa kule juu, karibu na msikiti, uulize kama mfereji umetoa maji na ni saa ngapi ulianza. Andika saa hizo kwenye karatasi ile ya fundi mkuu, pale alipoandika kwa penseli "juu: alfajiri". Safari ijayo hutahitaji kukisia.